Risiti mbili za safari moja: mvua iliongeza nini, na nani aliondoka na nini

Ukianza kupitia risiti za madereva wa teksi za programu hapa Kisumu, kuna kosa ambalo huenda likakunasa kama lilivyoninasa mimi. Unachukua skrinshoti ya dereva ya siku ya mvua, unaiweka kando ya skrinshoti ya abiria fulani ya siku ya jua, kisha unaanza kugawanya. Nilifanya hivyo wiki nzima na kila jibu lilinitoka tofauti. Nilikuwa nikilinganisha safari mbili na watu wawili kwa mpigo mmoja.

Anza na jozi: picha ya abiria na picha ya dereva za safari ileile. Ya abiria inakuambia kilichotoka mfukoni, ya dereva inakuambia kilichobaki, na katikati ndipo kampuni ilipochukua chake. Hakikisha ni safari moja kweli kwa kuangalia saa ya kuondoka, saa ya kufika na kilomita. Abiria wengi hutuma picha ya bei waliyooneshwa kabla gari halijafika. Hiyo ni makadirio, si risiti, iweke kando. Ukishapata jozi moja ya siku ya mvua, tafuta jozi ya pili ya njia ileile siku isiyo na saji. Saji ndilo neno la madereva wenyewe: bei inayopandishwa abiria wanapokuwa wengi kuliko magari.

Nikupe jozi zangu mbili, za kutoka Mamboleo kwenda Milimani, kilomita 8. Namba nimezilainisha kidogo ili hesabu isikuchoshe, lakini muundo ni uleule.

Jumanne saa nne asubuhi, safari ilichukua dakika 20. Bei ya kuanzia ilikuwa shilingi 60, kila kilomita 25, kila dakika 3. Jumla yake ni 60 na 200 na 60, yaani 320. Abiria alilipa 340. Kwa dereva, kamisheni iliyokatwa ilikuwa 57.60 na akabaki na 262.40.

Ijumaa jioni mvua ilinyesha, na Kondele, pale njiani penye foleni, ikawa Kondele. Njia ileile, kilomita zilezile, dakika 32. Abiria alilipa 554. Dereva alikatwa 96.12, akabaki na 437.88. Hakuna picha iliyotaja saji ni kiasi gani.

Mgeni atagawanya 554 kwa 340, apate karibu 1.63, na kutangaza kwamba bei ilizidishwa kwa 1.63. Si kweli, na namba inayomuumbua ni ile asiyoitazama: kamisheni. Kanuni za Kenya za mwaka 2022 za kampuni za usafiri wa mtandaoni ziliweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 18, na kwenye jozi hizi ndicho kiwango kilichotumika. Basi rudi kinyumenyume. Gawanya 57.60 kwa 0.18, unapata 320. Gawanya 96.12 kwa 0.18, unapata 534. Hizo ndizo nauli ambazo kamisheni ilikatwa juu yake. Sasa toa kwenye alicholipa abiria: 340 toa 320 ni 20, na 554 toa 534 ni 20 vilevile. Hiyo ishirini ni ada ya kuagiza gari, ile inayoandikwa `Booking fee` kwenye skrini za Kiingereza. Kwa kuwa haikubadilika siku ya mvua, umejua kwamba saji haiigusi, na kwamba haimo kwenye pato la dereva hata kidogo.

Ikibaki 534, usikimbilie kuigawanya kwa 320. Foleni nayo ilikula dakika 12 za ziada, na dakika zina bei. Ijumaa bila saji nauli ingekuwa 60 na 200 na 96, yaani 356. Gawanya 534 kwa 356: 1.5 kamili. Hiyo ndiyo saji. Kwa hiyo ongezeko lote la shilingi 214 alilolipa abiria lina sehemu mbili: 36 za foleni na 178 za saji. Kati ya hizo 178, dereva alipata 145.96 na kampuni 32.04.

Dereva aliyeniletea picha hizo alikuwa na lalamiko lake. "Mwalimu, siku ya mvua hawa watu ndiyo wananikata sana." Ukitazama shilingi, amesema kweli: kampuni ilichukua 77.60 Jumanne, ukijumlisha ada na kamisheni, na 116.12 Ijumaa. Ukitazama asilimia ya alicholipa abiria, imeshuka, kutoka karibu 22.8 hadi karibu 21. Ile ada ya 20 haikui, kwa hiyo nauli kubwa inaimeza. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja, na ukiandika moja bila lingine utakuwa umemdanganya mtu. Ndiyo maana pia safari fupi, za kama kutoka mjini hadi Nyalenda, huonekana kukatwa vibaya zaidi kwa asilimia hata siku ya jua.

Utakutana na jozi itakayokataa njia hii. Mara nyingi ni ya bei iliyofungwa kabla ya safari: programu inakadiria kilomita na dakika, inatoa bei, na foleni ikija baadaye bei haisogei. Utaitambua pale kilomita na dakika za kwenye picha ya dereva zinapokataa kuzaa nauli hata ukijaribu saji gani. Hapo kamisheni na ada bado utazipata, lakini saji na foleni hutazitenganisha kwa picha hizo, na usijilazimishe. Andika "haitenganishiki" uendelee. Kama kiwango cha kamisheni chenyewe hakikai sawa kati ya safari na safari, tafuta kwanza mstari wa kodi au wa kusubiri abiria kabla ya kumshuku yeyote.

La mwisho ni promo, maana ndilo linaloharibu majedwali ya watu. Chukua ile safari ya Jumanne, lakini abiria ana punguzo la 100 na analipa taslimu. Anampa dereva 240. Dereva anaonekana amepata 262.40, zaidi ya alicholipa abiria, na mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kufuta safari kama hiyo akidhani ni kosa la kuandika. Si kosa. Kampuni inamdai dereva 77.60 za ada na kamisheni, kwa sababu pesa taslimu yote iko mkononi mwake, na yeye anaidai kampuni 100 za punguzo ililotoa yenyewe. Salio lake kwenye programu linapanda kwa 22.40. Jumlisha na 240 uliyoiona mkononi, unarudi palepale: 262.40. Kwa hiyo kabla hujagawanya chochote rudisha punguzo kwenye bei ya abiria, na safari za taslimu zikague kwa salio la kabla na la baada ya safari. Ukipewa picha ya salio la mwisho wa siku peke yake, omba nyingine.

Na kile kilichobaki kwa dereva usikiite faida. Mafuta hayamo, wala hesabu anayompelekea mwenye gari jioni.