Swali moja la kutokea, kosa moja, na linavyoingia kwenye mkoba wa kazi

Mwalimu anayeuliza "Tumeelewana?" darasa likaitikia "Ndiyooo!" hajapima kitu. Tuchukue somo moja la Hisabati la darasa la tano, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, tulifuate tangu swali la kutokea, lile la dakika za mwisho za kipindi, hadi karatasi inayobaki ndani ya mkoba wa kazi, yaani bahasha inayotunza ushahidi wa maendeleo ya mwanafunzi. Darasa liwe la wanafunzi 68, watatu kwa dawati, kwa kuwa hapo ndipo mbinu nyingi za semina hushindwa.

Kwanza vikaratasi vya kujibia swali hilo. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa hutoa vipande 8, kwa hiyo karatasi 9 zinatosha darasa zima na vinabaki vinne. Tumia karatasi za mitihani ya zamani zenye upande mmoja mweupe. Hakuna sababu ya kufungua rimu mpya. Zikatwe kabla ya kipindi, maana ukianza kukata mbele ya watoto muda wote umekwisha.

Swali ni moja tu, na hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko pote. Swali zuri la kutokea limepangwa ili kila kosa litoe jibu lake. Angalia 2/3 + 1/4. Jibu sahihi ni 11/12. Anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini ataandika 3/7. Anayepata asili ya shirika lakini akasahau kubadilisha viasi ataandika 3/12. Anayechanganya kujumlisha na kuzidisha ataandika 2/12. Aliyebadilisha kiasi cha sehemu moja tu atapata 9/12 au 5/12. Ukisoma jibu unajua mtoto alipita njia gani, hata kama hakuonyesha kazi. Kumbuka tu kwamba wengine hurahisisha: 3/12 inaweza kuja kama 1/4, na 9/12 kama 3/4.

Sasa jaribu 2/3 + 2/5. Aliyesahau kubadilisha viasi anaandika 4/15, na aliyezidisha anaandika 4/15 vilevile. Makosa mawili yenye tiba tofauti yamevaa jibu moja, nawe huwezi kuyatenganisha. Kwa hiyo kabla ya kuandika swali ubaoni, lifanye mwenyewe kwa kila njia mbovu unayoijua. Majibu mawili yakigongana, badili tarakimu.

Kwa kuwa wanakaa watatu, anayekaa katikati apewe swali jingine: 3/4 + 1/5. Jibu ni 19/20, na makosa yaleyale yanatoa 4/9, 4/20, 3/20, 16/20 au 7/20. Andika maswali yote mawili ubaoni, A la pembeni na B la katikati, zikiwa zimebaki dakika sita kengele ilie. Dakika moja ya kusoma, tatu za kufanya, moja ya kukusanya kwa safu. Kupokea vikaratasi mlangoni kunafaa darasa la watoto 30; kwa 68 mlango unageuka soko, na hapo ndipo wanaponakili. Waandike jina na herufi ya swali. Na usitoe alama. Wakijua kuna alama wataanza kutafuta jibu kwa jirani, wakati unachotaka ni kosa lao halisi.

Kupanga vikaratasi hakufanani na kusahihisha. Usitie tiki wala mkasi. Soma jibu, weka kwenye fungu lake. Tuseme umepata 31 sahihi, 16 wa 3/7 au 4/9, 14 wa 3/12 au 4/20, na 7 waliobaki, ambao ni mchanganyiko wa makosa mengine na waliorudisha karatasi tupu. Ukishazoea, kazi hii inaweza kwisha kabla chai haijapoa. Kinachopoteza muda wa walimu wengi ni kuandika maoni kwenye kila kikaratasi. Maoni 68 yanayosema "ongeza bidii" hayamsaidii mtu.

Kipindi cha kesho kinaanza na mafungu hayo, na chombo chake ni maswali ya mdomo. Hapa nina msimamo: swali la mdomo linaloulizia utaratibu ("Tunaanza na nini?") huleta kukariri. Lenye manufaa ni linalomgonganisha mtoto na jibu lake. Kwa fungu la 3/7 andika ubaoni: "2/3 ni zaidi ya nusu au ni chini ya nusu?" Watasema zaidi. "Na 3/7?" Wape muda, nusu ya 7 ni tatu na nusu, kwa hiyo 3/7 ni chini ya nusu. Ndipo uulize: "Tumeanza na zaidi ya nusu, tukaongeza, tukapata chini ya nusu. Imekuwaje?" Kwa fungu la 3/12 swali ni jingine: "3/12 ukiirahisisha unapata ngapi?" Wanapata 1/4. "Hiyo 1/4 ndiyo tuliyoiongeza. Ile 2/3 imekwenda wapi?" Swali hilo linafanya kazi kuliko kurudia mfano wa ubaoni, kwa sababu mfano wanauona sahihi na bado hawaoni ubaya wa jibu lao.

Namna ya kuuliza ina uzito sawa na swali lenyewe. Taja swali kwanza, nyamaza, kisha taja jina. Ukianza na "Asha, hebu…", watoto 67 wameshapumzika. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi miaka ya 1970, alikuta walimu wanasubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kuchangia. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu sana. Zihesabu kimoyomoyo, na usizijaze kwa kurudia swali kwa maneno mengine, kwa kuwa mtoto ataanza kufikiria upya tangu mwanzo. Mikono inayopepea na "Mwalimu, mimi! Mimi!" ishushwe, chagua jina kwa vijiti ulivyoviandika majina ya watoto wa mafungu yale mawili.

Ushahidi wa mdomo hupotea upesi, na hakuna anayeweza kuandika habari za watoto 68 huku akifundisha. Basi usijaribu. Kila kipindi chagua wanane wa kuwafuatilia, andika majina yao kwenye andalio la somo kabla hujaingia darasani, na ndani ya vipindi 9 umelipitia darasa zima. Kwa kila mmoja weka herufi moja: E akieleza sababu mwenyewe, M akieleza baada ya kusaidiwa, J akitoa jibu bila sababu, H asipojibu. Kando ya herufi andika maneno yake machache kama alivyoyasema: "asili kubwa ndiyo sehemu kubwa." Maneno hayo ni ushahidi. "Anashiriki vizuri" ni sifa, na ukiisoma baada ya mwezi haikwambii ufundishe nini. Ziandike mara kengele inapolia, ukiwa bado darasani, maana ukifika ofisini zimeshachanganyika.

Mwisho wa kipindi hicho cha pili toa kikaratasi kingine, chenye 3/5 + 1/3 (14/15; juu kwa juu inatoa 4/8, kusahau viasi kunatoa 4/15). Sasa una vikaratasi viwili vya mtoto mmoja juu ya umahiri uleule, kimoja kabla ya hatua na kingine baada yake. Jozi hiyo ndiyo inayoingia kwenye mkoba.

Mkoba wenyewe unaweza kuwa bahasha ya kaki ya A4 au karatasi ya manila iliyokunjwa. Bahasha 68 zisimame, zimepangwa kwa namba za mahudhurio, ndani ya boksi tupu za karatasi zilizowekwa juu ya meza au rafu; sakafuni ni chakula cha mchwa. Kwa mada moja, tia jozi ya vikaratasi imebanwa pamoja, na kipande kimoja cha maelezo. Mfano:

Namba 23. Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Kikaratasi cha 1: 3/7, amejumlisha asili. Hatua: swali la nusu, kisha mchoro wa mistatili. Mdomo: J, halafu M, "imepungua, haiwezekani." Kikaratasi cha 2: 14/15, ameonyesha kazi. Kinachofuata: namba mchanganyiko.

Sehemu inayosahaulika katika maelezo haya ni "hatua". Kosa likiandikwa bila ulichofanya, mkoba unabaki rundo la karatasi. Na ukiona hatua ni ileile kwa watoto wote 68, ujue mafungu hayakutumika.

Mtoto akirudia 4/8 kwenye kikaratasi cha pili, kiweke hivyohivyo. Usimrudishie afute na kuandika upya. Mthibiti ubora wa shule mwenye uzoefu atatia shaka mkoba usio na kosa hata moja: kazi zote safi, wino mmoja, mwandiko wa haraka wa wiki ya mwisho ya muhula, na maneno "amefaulu" kwenye kila kipande. Tarehe ni dalili nyingine. Jozi halali huachana kwa siku moja au mbili. Tarehe za mada zote zikiwa za wiki moja, ushahidi ulitengenezwa.

Tatizo la kinyume ni kujaza. Kila kikaratasi kikiingia, muhula ukiisha bahasha ina vipande arobaini na hakuna atakayeisoma. Jozi moja kwa mada inatosha. Vikaratasi vya waliopata mara ya kwanza warudishie, ukiwabakizia kimoja tu chenye kazi iliyoonyeshwa. Swali lao la pili liwe gumu zaidi, kwa mfano sehemu tatu, ili nao wawe na jozi. Wale saba wa mwisho usiwaweke fungu moja kwenye kumbukumbu. Aliyerudisha karatasi tupu aitwe aulizwe swali hilohilo kwa mdomo, kwa sababu kuna anayejua hesabu asiyeweza kusoma ubao kutoka nyuma, na kuna ambaye KDS hajaielewa tangu mwaka jana. Andika ni lipi kati ya hayo.

Muhula ukiisha, mruhusu mtoto achague jozi moja anayotaka ibaki, nawe uchague moja. Zilizobaki aende nazo nyumbani, na vipande vya maelezo vyote vibanwe pamoja kwa ajili ya mwalimu atakayempokea mwakani.