Swali la tano: ujumbe wa kila Alhamisi kwa mwalimu wangu

Wiki jana kijana mmoja wa Kisauni anayesomea uzamili aliniandikia: "Shikamoo dada. Msimamizi wangu hanijibu. Nimemtumia sura nzima ya pili, mwezi wa pili huu kimya. Nifanye nini?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini jambo hili halitoshi kwa ufupi. Nimeitetea tasnifu yangu mwaka huu na imepita, na kama kuna kitu kimoja kilichonifikisha hapo, ni ujumbe wa mistari michache niliomtumia mwalimu wangu kila Alhamisi.

Nianze na uchungu kidogo, maana bado upo. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa mtu wa shughuli nyingi. Nilikuwa nikimwandikia barua pepe ndefu, naeleza kila kitu, kisha nangoja. Siku moja katika kikao cha idara akasema mbele ya watu kwamba hajui mimi nafanya nini. Nami nilikuwa nashinda topeni hadi magotini, upande wa Mikindani, nikihesabu miche ya mikoko kwenye hori ya Tudor. Sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Nililia nilipofika nyumbani, siwafichi.

Nilipobadilishiwa msimamizi, nikampata mama mmoja anayekaa Likoni na kuvuka feri kila asubuhi. Siku ya kwanza tu alinipa sharti. "Mwanangu, mimi nasoma simu nikiwa kwenye foleni ya feri. Ukiniandikia kitu nisichoweza kukimaliza kabla mlango wa feri haujafunguliwa, sitakisoma." Akaniandikia maswali matano, akaniambia niyaweke kwenye kalenda ya simu yanikumbushe kila Alhamisi saa kumi jioni. Aliichagua Alhamisi kwa sababu Ijumaa asubuhi ndipo anapokuwa na nafasi ya kujibu, kabla watu hawajaanza kuondoka kwa ajili ya swala. Maswali yenyewe ni haya:

1. Wiki hii umemaliza nini ambacho mtu mwingine anaweza kukiona?
2. Nambari yako ni ngapi?
3. Umekwama wapi, na umejaribu nini?
4. Wiki ijayo utafanya nini, na siku gani?
5. Unataka nini kutoka kwangu?

Ukiyatazama kwa haraka utayaona ya kawaida. Uzito uko kwenye la pili na la tano, na hapo ndipo wengi wenu mnaoniandikia mnapopotelea.

Swali la pili lilinisumbua mwanzoni. Utafiti wangu ulikuwa kulinganisha miche ya mkoko, ile wanasayansi wanayoiita *Rhizophora mucronata*, iliyokaa kitaluni muda mrefu na ile iliyokaa muda mfupi. Nilikuwa na ploti mbili za miche mia mia, moja juu karibu na nchi kavu, nyingine chini kuelekea majini. Nambari yangu ilikuwa idadi ya miche iliyo hai. Lakini aliyekulia Pwani anajua bahari haifuati kalenda ya simu. Wiki ya bamvua maji hukupwa mbali sana na ploti ya chini huachwa wazi, unahesabu kwa raha. Wiki ya maji mafu maji hayashuki vya kutosha, na ile ploti haifikiki. Ukumbusho unaita saa kumi, swali linauliza nambari, nambari haipo.

Mwalimu alilitatua kwa sentensi moja: wiki ya bamvua nambari ni miche, wiki ya maji mafu nambari ni kurasa. Kila wiki pawe na kitu cha kuhesabika, lakini kiwe kile ambacho wiki hiyo inaruhusu. Tangu hapo sikuacha nafasi tupu. Anayefuga, anayefundisha, anayejifunza ushonaji, naye kazi yake ina bamvua na maji mafu yake. Ijue kabla hujapanga swali lako la pili, la sivyo utaanza kujaza maneno ya kupaka mafuta, "kazi inaendelea vizuri", na siku utakapoandika hivyo mara ya pili ujue ukumbusho wako umekufa.

Sasa niwaonyeshe faida yake. Katika vipindi vinne vya bamvua vilivyofuatana, ujumbe wangu ulikuwa na nambari hizi. Ploti ya juu: 98, 97, 97, 96. Ploti ya chini: 97, 90, 78, 61. Mimi nilikuwa nazitazama kila kipindi peke yake, naona miche michache imekufa, naandika kwamba huenda ni kaa. Kaa wanakula miche kweli, hilo halina ubishi. Lakini mwalimu alikuwa nazo zote kwenye simu, moja chini ya nyingine, kwa mpangilio uleule, mstari uleule. Ijumaa moja akanijibu kwa swali: "Ploti ya chini inakaa ndani ya maji saa ngapi kila maji yanapojaa?"

Sikuwa nimepima. Bamvua lililofuata nikachomeka miti yenye alama kwenye ploti zote mbili, nikaandika saa maji yalipofika kwenye shina la mche na saa yalipoondoka, kisha nikalinganisha na jedwali la maji la bandari ya Kilindini. Ploti ya juu ilikaa majini kama saa nne kati ya kumi na mbili. Ya chini, karibu saa nane. Hapo jibu likawa wazi. Kwenye ukanda ule wa mbele kabisa, unaopigwa na bahari kwanza, mti unaoota wenyewe ni mlilana. Mkoko mahali pake ni nyuma yake kidogo. Mche wa mkoko ukipandwa chini mno, haujashika mizizi, unafunikwa na maji muda mrefu, unakosa hewa na unang'olewa na mawimbi. Kosa hili limeharibu upandaji wa mikoko katika nchi nyingi, kwa sababu matope yaliyo wazi ndiyo rahisi kupata nafasi ya kupanda. Tasnifu yangu ikageuka, ikawa ni habari ya muda wa kukaa majini badala ya muda wa kukaa kitaluni. Na ndiyo iliyopita.

Angekuwa anasoma barua ndefu kila mwezi, asingeliona lile. Nambari mbili mahali palepale kila bamvua ndizo zilizomfumbua macho. Mwaka 2016 Benjamin Harkin na wenzake walikusanya majaribio 138 kuhusu watu wanaofuatilia maendeleo yao, wakaona ufuatiliaji unasaidia kufikia lengo, na unasaidia zaidi mtu anapoyaandika matokeo yake na anapoyapeleka mbele ya wengine. Mimi niliyaona hayo kwa macho yangu kwenye tope la Mikindani.

Nije kwenye swali la tano, ambalo ndilo jibu la yule kijana wa Kisauni. Umemtumia msimamizi sura nzima, umemwambia "naomba maoni". Umempa kazi ya siku mbili, hana siku mbili, basi anaiahirisha, na kila wiki inayopita anaona aibu zaidi kukujibu. Swali la tano linataka kitu anachoweza kukijibu akiwa amesimama. Badala ya "naomba maoni kuhusu sura ya pili", andika: "Ukurasa wa 14 nimetumia ploti mbili tu. Niongeze ya tatu katikati, ndiyo au hapana?" Mwalimu wangu alinijibu "Ndiyo, lakini miche 50 inatosha", na kazi ikasonga siku ileile. Sura yenyewe niliituma kando, kwa tarehe tuliyokubaliana. Usiichanganye na ujumbe wa wiki.

Na kama wiki hiyo huna unalotaka, andika "sina". Sisi tulikubaliana tangu mwanzo kwamba nikiandika "sina" na yeye akanyamaza, kimya chake maana yake endelea. Nikiuliza, atajibu kabla ya Jumapili jioni. Makubaliano haya yalinipa usingizi. Kimya cha msimamizi wa kwanza kilinila kwa sababu sikujua kina maana gani.

Kuhusu ukumbusho wenyewe, usiweke kengele tupu. Kengele tupu utaizima kwa kidole gumba huku ukiwa kwenye matatu, na baada ya mwezi hutaisikia tena. Kwenye kalenda ya simu tengeneza tukio la kila wiki, saa 16:00, na ndani ya maelezo yake weka kiungo kinachofungua WhatsApp ya mwalimu maswali yakiwa yameshaandikwa, wewe unajaza tu:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=1.%20Nimemaliza:%0A2.%20Nambari:%0A3.%20Nimekwama:%0A4.%20Wiki%20ijayo:%0A5.%20Nataka:
```

Namba inaanza na 254 bila alama ya kujumlisha na bila sifuri. `%20` ni nafasi kati ya maneno na `%0A` ni mstari mpya. Ukikigusa, ujumbe unatokea tayari, nawe hutumi mpaka ujaze. Kwangu kujaza kulichukua muda mfupi kuliko kungoja mahamri yaive, na mwalimu alikuwa anausoma bila kusogeza skrini. Ukiona ujumbe wako umevuka skrini moja, punguza. Kinachozidi mara nyingi ni maelezo ya kujitetea.

Jambo jingine la kuangalia ni swali la nne. Wiki tatu mfululizo ukiandika mpango uleule, "kuandika utangulizi", "kuandika utangulizi", "kuandika utangulizi", tatizo halipo kwenye swali la nne tena. Lihamishie kwenye la tatu, useme wazi unachokiogopa. Mimi utangulizi ulinishinda kwa sababu sikujua nianze na mikoko ya dunia au ya Mombasa. Nilipoliandika hivyo, jibu lilikuja kwa neno moja: "Mombasa."

Ndugu zangu mnaosoma, wengi wenu mna vipaji kunizidi. Lakini mnangoja msimamizi awaulize. Hatawauliza. Ana wanafunzi kumi na wote wanangoja kuulizwa. Mwendee kwanza, mwonyeshe maswali matano, mwulize siku gani na saa ngapi anasoma simu yake, kisha panga ukumbusho kwa saa yake, siyo yako. Wapo watakaokataa, na wapo ambao hata kwa mistari mitano hawatajibu. Ikifika hapo, angalau unayo rekodi ya kila wiki yenye tarehe. Nilipotakiwa kujaza fomu ya maendeleo, nilifungua WhatsApp, nikanakili nambari zangu, nikaipeleka idarani asubuhi ileile. Safari hii hakuna aliyesema hajui ninafanya nini.

Jambo la dharura lisingoje Alhamisi. Miche ilipoibiwa kitaluni nilimpigia mwalimu papo hapo. Na mambo ya nyumbani, karo, ugonjwa, usiyabane kwenye swali la tatu. Mwombe dakika chache mkae mzungumze.