Nyayo nyuma ya zizi: chui au fisi?

"Wakuu, nimekuta nyayo hizi kwenye tope nyuma ya zizi la mbuzi, huku Sikonge. Vidole vinne, na kucha zinaonekana. Ni chui au fisi?"

Mkuu, mimi naona fisi, ila si kwa sababu ya kucha pekee. Chui huficha kucha akitembea, lakini akiteleza kwenye tope huzitoa, na alama yake huwa nyembamba kama ya sindano. Hizi zako ni butu na nene.

Kuza picha utazame kisigino. Cha chui ni kipana, na ukingo wake wa nyuma una mafundo matatu. Hiki kimekaa mshazari, upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Halafu unyayo wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Fisi amejaa mabegani. Mbwa pia huacha kucha, ila kisigino chake kina umbo la pembetatu lililolingana.

Kesho piga picha nyingine kutoka juu kabisa, kiberiti kando ya unyayo. Tope laini hutanua alama, hivyo pima ile iliyo pagumu.

Usitege sumu wala kumfuatilia vichakani. Mwambie mtendaji wa kijiji amwite afisa wanyamapori, na mbuzi walale ndani.