Kulala dirisha wazi bila hofu ya wezi

"Joto linanimaliza, ila nikifungua dirisha silali kwa kuogopa wezi. Nifanyeje?"

Pole sana ndugu. Kwanza shika nondo uzitikise. Zikicheza, fundi azichimbie ukutani kwa saruji, asizikaze kwa skrubu kwenye fremu tu. Nafasi kati yake isizidi sentimita 10. Lakini mwizi wa dirishani mara nyingi haingii: anavua simu na suruali kwa fimbo yenye ndoano. Wavu wa waya uliobanwa vizuri humchelewesha, maana lazima aukate, na mbu nao hawapiti. Ukijaa vumbi hewa haiingii, kwa hiyo usugue kwa brashi. Simu ikae mbali na dirisha. Na tafadhali, grili moja ifunguke kwa ndani, ufunguo mnaoujua wote, moto ukitokea mtoke.