Majina ya video za mfululizo: uzoefu wangu na video za samaki

"Nina mfululizo wa video fupi. Mtu anaangalia moja anaondoka. Vichwa na maandishi ya kava niyaandikeje ili kila video ionekane ni ya kuhifadhi?"

Mkuu, mimi natengeneza video za samaki wa pwani, samaki mmoja kila video: anavyotambulika sokoni na anavyosafishwa. Mwanzoni kichwa kilikuwa hivi: "JINSI YA KUMTAMBUA NA KUMSAFISHA SAMAKI AINA YA TASI, SEHEMU YA 4". Kwenye simu kilikatika kabla jina la tasi halijafika, kwa hiyo video zote zilisomeka sawa. Halafu hiyo "sehemu ya 4" ilinigharimu zaidi. Watu waliniuliza sehemu ya 1 iko wapi, wakidhani bila hiyo hawataelewa, wakati video ya tasi haihitaji ile ya samaki changu ili ieleweke.

Namba niliitoa. Sasa jina la samaki linatangulia, likifuatwa na jambo moja alilonalo yeye, na jina la mfululizo linakaa mwisho, ambako hata likikatika hakuna hasara:

Tasi: miba yenye sumu | Samaki wa Pwani
Pono: mdomo wa kasuku | Samaki wa Pwani
Ngisi: mfuko wa wino | Samaki wa Pwani

Kava hairudii kichwa. Jina limeshasomwa pale chini, kwa hiyo kwenye picha naandika maneno mawili au matatu yanayoongeza kitu. Kwa tasi niliandika "Usimshike mgongoni", kwa pono "Anaguguna matumbawe", kwa ngisi "Usipasue hapa" na mshale. Kabla ya kupandisha najiuliza: maandishi haya nikiyahamishia kwa samaki mwingine, yatakaa? "Mtamu balaa" inakaa kwa yeyote, nikaifuta. "Usimshike mgongoni" kwa ngisi haina maana, basi hiyo ni ya tasi.

Kinachofanya zionekane seti moja ni vile visivyobadilika: fonti ile ile, maandishi juu kushoto, samaki amelazwa kichwa upande uleule, meza ileile. Kona ya chini kulia iache wazi, YouTube inaweka muda wa video hapo. Kisha fungua ukurasa wako kwenye simu uzitazame kava zote pamoja zikiwa ndogo. Mimi nilipofanya hivyo niligundua maandishi ya maneno sita hayasomeki kabisa. Na tangu zipangike vile, maoni yamebadilika: watu wanaandika "kolekole bado", "pweza lini?" Wameona nani hayupo mezani.

Angalizo moja: kama video zako zinafuatana kweli, mfano kushona gauni kuanzia vipimo hadi pindo, namba usiitoe. Ila iweke ndogo pembeni ya kava, kichwa kibaki na jina la hatua yenyewe: "Kukata mkono", "Kuunga zipu".