Usiandike "kwa matumizi ya mradi" kwenye fomu ya ridhaa

Miaka michache iliyopita nilikuwa narekodi mahojiano na akina mama wakulima wa mwani katika kijiji kimoja cha pwani ya Bagamoyo. Fomu niliyopewa ilikuwa na sentensi moja tu: "Ninaridhia picha na sauti yangu zitumike kwa matumizi ya mradi, ikiwemo uhamasishaji." Mama mmoja akaniuliza kama video itaonyeshwa kwenye mkutano wa kijiji. Nikamjibu ndiyo, na ilikuwa kweli. Akasaini, akakaa mbele ya kamera, na katikati ya mazungumzo akaeleza jinsi alivyokopa kwenye kikoba bila mumewe kujua, apate kununua kamba na vigingi.

Miezi minne baadaye kipande cha sekunde 40 kiliwekwa Facebook na ofisi. Kikapita WhatsApp mpaka kikamfikia shemeji yake Dar es Salaam. Mama alinipigia simu mwenyewe. "Mwanangu, mimi nilikubali mkutano. Haya ya kwenye simu za watu uliniambia saa ngapi?"

Tulikifuta siku ileile, lakini kilikuwa kimeshaingia kwenye kundi la ukoo. Bado naumia nikikumbuka sauti yake.

Niliporudi kuisoma ile fomu niliona kosa lilipo. Neno "uhamasishaji" ofisini lilimaanisha Facebook na ripoti ya wafadhili. Kwa yule mama lilimaanisha mkutano chini ya mti na kipaza sauti. Wote tulisaini neno moja, kila mtu na maana yake.

Tangu hapo sitaji lengo la video peke yake, nataja mahali itakapoonekana. Kila mahali pana mstari wake, na kila mstari una Ndiyo na Hapana: mkutano wa kijiji, mafunzo ya vikundi vingine, ripoti kwa wafadhili, redio na televisheni, mtandaoni. Jina nalo lina mstari wake, maana wapo wanaokubali uso uonekane ila jina lisitajwe. Mstari wa mtandaoni ndio mrefu kuliko yote, na huwa nausoma kwa sauti:

> "Mtandaoni maana yake ni kwamba mtu yeyote mwenye simu, anayekujua na asiyekujua, anaweza kukuona, kuhifadhi video na kuwatumia wengine. Tukiifuta kwetu, hatuwezi kuifuta kwenye simu zao."

Sehemu ya kubadili mawazo inahitaji ukweli uleule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake, lakini fomu nyingi huishia kuandika "unaweza kujitoa wakati wowote" bila kueleza kujitoa kunafika wapi. Mimi naandika hivi:

> "Ukibadili mawazo, piga namba hii. Kama video haijatoka, tutakuondoa. Kama imeshatoka, tutaifuta kwenye kurasa zetu na hatutaitumia tena, lakini nakala walizonazo watu hatutaweza kuzirudisha."

Halafu namwachia nakala yenye namba ya simu. Fomu inayobaki kwenye mkoba wangu haimsaidii yeye.

Nabishana sana na wenzangu kuhusu saa ya kusaini. Wengi husainisha kabla kamera haijawashwa ili wamalize kazi ya makaratasi. Kabla ya kurekodi mimi nasoma na kueleza tu, na kuomba ruhusa ya kuanza. Sahihi nachukua baada ya mahojiano, kwa sababu kabla ya hapo mtu hajui atakachosema. Yule mama hakuja na nia ya kuzungumzia mkopo. Ulimtoka tu.

Kabla ya sahihi siulizi "umeelewa?", maana kwa heshima kila mtu hujibu ndiyo. Nauliza: "Mama, jirani akikuuliza video hii ataiona nani, utamwambiaje?" Akijibu "watu wa mradi" ilhali ameweka Ndiyo kwenye mtandaoni, narudi mwanzo. Asiyesoma namsomea mbele ya mtu aliyemchagua yeye, si mwenyekiti wa kikundi, na majibu yake ya kila mstari nayarekodi kwa kamera, pamoja na dole gumba kwenye karatasi. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji sahihi ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe akikataa, sirekodi.

Yote hayo ni bure kama mhariri haioni fomu. Kwa hiyo majibu yanaingia kwenye jina la faili:

```
MWANI_014_MKUTANO-NDIYO_MTANDAO-HAPANA.mp4
```

Safari ya mwisho kijijini pale, mama mwingine alisikiliza mstari wa mtandaoni, akanyamaza kidogo. "Niweke huko," akasema, "ila pale nilipomtaja mwanangu wa kwanza pakate." Nikapaandika kwenye fomu, dakika ya 6 sekunde ya 20, tukapakata kabla sijaondoka, na akatazama mwenyewe kwenye skrini kuhakikisha pametoka.