Jibu: kuoanisha safu mbili kwenye picha

"Safu ya kushoto ina kivumishi, kielezi, kiwakilishi na kiunganishi (i–iv). Ya kulia ina maana A–E. Nikifuata mstari mmoja mmoja nakosa. Nianzie wapi?"

Habari mkuu. Kukaa mstari mmoja kwenye picha hakumaanishi chochote. Mtunzi amezichanganya makusudi. Kwanza nakili safu ya kulia peke yake, ukihesabu herufi na siyo mistari, maana sentensi ndefu hukatika ikashuka chini. Hapo ndipo wengi huteleza. Kwenye picha yako B na D zote zinaanza "hutoa taarifa zaidi kuhusu", na neno linalozitofautisha limeshukia mstari wa pili: B ni "kitenzi", D ni "nomino". Ukisoma mstari wa juu tu, utabahatisha.

Kisha anza na zile zisizo na mpinzani. "Hutumika badala ya nomino" (A) ni kiwakilishi tu, na "huunganisha maneno au sentensi" (C) ni kiunganishi. Zikate. Sasa rudi kwa wale mapacha: kivumishi huhusu nomino, kwa hiyo i–D, kielezi huhusu kitenzi, ii–B. Halafu iii–A na iv–C.

Inabaki E, "hutaja tendo". Usiitupe bila kuikagua: jiulize ni ya istilahi gani. Ni kitenzi, ambacho hakimo kushoto, basi ni chambo. Ingekuwa inafaa istilahi iliyomo, ungejua kuna jozi umeikosea. Na andika majibu kwa namba na herufi. Mishale ikipishana hata msahihishaji hupotea.